Chumba cha Mwisho kwenye Orodha ya Mapambo

Kitinda hakuitwa Kitinda kwa kupenda. Alizaliwa wa mwisho, jina likamganda, na hata sasa, ana watoto wawili na nyumba yake mwenyewe, dada yake bado anamwita hivyo kwa sauti ya kumwambia mtoto akafute kamasi. Kazini ni habari nyingine. Kule kwenye bohari la vifaa vya ujenzi wanamwita Karani, na hakuna anayecheza naye. Ukimwomba misumari ya inchi mbili atakupa huku anaongea na simu, wala hatageuka kuangalia rafu. Anajua kila kitu kilipo kwa sababu yeye ndiye aliyekipanga, na alipanga kwa kanuni moja: kinachoulizwa na wengi kinakaa karibu na mlango, kinachoulizwa na mmoja kinakwenda nyuma. Saruji mbele. Bawaba za ajabu ajabu nyuma kabisa, na vumbi lake.

Kanuni hiyo ilimpandisha cheo. Haya, sikilizeni sasa ilivyomtenda nyumbani.

Miaka yote sikukuu ilifanyika kwa Dada Mkubwa. Dada Mkubwa ni mwalimu, ana nyumba pana, ana sahani zinazofanana, na ana mdomo. Ndugu wakija pale wanakula, wanacheka, wanalala, na Kitinda anaosha vyombo. Mwaka huu Kitinda na mumewe walikuwa wamemaliza nyumba yao. Rangi ilikuwa bado inanuka. Akapiga moyo konde, akasema mbele ya wote, "Sikukuu hii ni kwangu."

Kisha Dada Mkubwa akasema, "Kwako? Mdogo wangu, wewe hata harusi yako maua yaliisha kabla ya bwana harusi kufika."

Watu wakacheka, naye akacheka nao, lakini neno lile lilimchoma. Maana kulikuwa na jambo chini ya jambo. Mama yao alikuwa akiishi peke yake, na miaka ilikuwa imemwendea. Dada Mkubwa alitaka ahamie kwake. Kitinda naye alitaka ahamie kwake, tena alimtaka kwa roho yake yote, na alipojenga aliongeza chumba makusudi, chenye dirisha upande wa asubuhi. Mama alikataa kuvutwa huku na huku. Alisema, "Nitakuja sikukuu kwa Kitinda, niione nyumba yake. Halafu nitawaambia nakaa kwa nani." Basi. Kwa wengine ilikuwa sikukuu, kwa Kitinda ilikuwa mtihani, na msahihishaji ni mama yake mzazi.

Mumewe ni fundi bomba, mtu wa maneno machache na vichekesho vya pembeni. Walikaa jikoni wakapanga. Chakula walikitenga kwenye fungu lake, hicho hakiguswi. Pesa ya mapambo wakaona haiwezi kupita laki nne, kwa sababu kilichobaki kilikuwa cha ada ya watoto.

"Laki nne ndiyo kikomo," akasema mume. "Hata ukiota ndoto ya zulia jekundu, amka."

"Sitavuka hata kwa senti," akasema Kitinda, na akala kiapo palepale.

Na msimchukulie poa, alikuwa na akili ya kupanga. Jambo la kwanza alikata moja ya kumi, elfu arobaini, akaiweka pembeni iwe akiba ya dharura, kwa sababu haijapata kutokea kitu kikauzwa kwa bei uliyoidhania. Jambo la pili alizunguka nyumba nzima na kuandika vilivyokuwepo tayari, ili asije akanunua alichonacho: vitambaa viwili vya meza, mitungi mitatu ya kuwekea maua, viti sita, na vingine vinane ataazima kwa jirani kwa sababu wageni walikuwa kumi na wanne. Jambo la tatu akazigawa zile laki tatu na sitini kwa vyumba. Sebule laki moja na thelathini. Meza ya chakula sabini. Mlangoni na barazani arobaini. Choo cha wageni thelathini, na hapo mumewe alimsifu, maana watu wengi hupamba sebule kama ikulu halafu chooni mgeni anajifuta mikono kwenye suruali. Korido ishirini. Chumba cha Mama sabini.

Kisha akaandika sheria yake kwa wino mwekundu: chumba kikizidi, kinajikata chenyewe. Yaani sebule ikila zaidi, kitoke kitu cha sebule. Hakuna chumba kuingia mfukoni mwa chumba kingine. Sheria nzuri sana. Angeifuata, nisingekuwa na hadithi.

Kosa lilikuwa kwenye namba. Orodha lazima iwe na wa kwanza na wa mwisho, ili mambo yakikaza ujue unaacha nini. Kitinda akafanya kama bohari. Akajiuliza: nani ataona, na ni wangapi? Sebule wataona wote, siku nzima: namba moja. Mlango wataona wote, kwa dakika moja, lakini ndipo wanapopiga picha: namba mbili. Meza, namba tatu. Choo, nne. Korido, tano. Chumba cha Mama atakiona mtu mmoja tu. Namba sita.

Jumapili iliyofuata alimpigia Mama simu akamsomea orodha yote, chumba kwa chumba, kwa fahari. Namba hakuzisoma. Mama alisikiliza kwa utulivu, akauliza maswali kama mtu anayekariri somo. Taa zitakaa dirisha lipi? Zulia litaanzia wapi? Mito ina rangi gani?

"Na chumbani kwangu?"

"Chagua mwenyewe, Mama. Mapazia na tandiko la kitanda."

"Mekundu," Mama akasema hapohapo. "Mekundu ya kuwaka. Usiniletee wekundu wa matofali."

Kitinda akacheka. "Mama, nyekundu siku hizi imepitwa na wakati. Watu wanaweka kijivu, maziwa..."

"Waweke wao. Mimi niwekee nyekundu, na taa yenye nguvu."

"Haya, bibi wee, umesikika."

Hakuuliza kwa nini.

Mambo yakaanza kuharibika kwa fundi cherehani, mama mmoja mnene wa mtaa wa pili anayeongea akiwa na pini mdomoni. Kitinda alimpelekea kitambaa cha mapazia ya sebule, mita nne na nusu hivi, kilichomgharimu elfu arobaini na nne. Alikuwa amepima dirisha vizuri: upana mita mbili na nusu kasoro kidogo. Kitambaa kina upana wa mita moja na nusu, vipande viwili vinatosha na chenji inabaki. Sivyo?

Fundi akakitandaza, akamtazama. "Hili ni pazia au shuka la kuanika?"

"Kwani vipi?"

"Dada yangu, pazia linataka mikunjo. Upana wa dirisha unauzidisha kwa mbili. Hapa unahitaji vipande vinne. Nikikushonea hivi litakaa limenyooka kama ubao, na ukilifunga katikati panaonekana."

Kitinda alihisi joto likimpanda masikioni. Yeye, Karani, anayejua idadi ya skrubu zote za bohari! Alirudi dukani akanunua kitambaa kingine kiasi kilekile, na mshono nao ukawa mara mbili, kutoka kumi kwenda ishirini. Sebule ikawa imezidi kwa elfu hamsini na nne. Akachukua akiba yote ya dharura, arobaini, na bado pakabaki pengo la kumi na nne.

Sheria yake ilisema wazi: toa kitu cha sebule. Angeweza kuacha foronya mpya za mito, ambazo zilikuwa elfu kumi na sita, mambo yakaisha. Alikaa na kalamu akaziangalia zile foronya. Kisha kichwani akamwona Dada Mkubwa ameketi juu ya mito ya zamani, akichomoa uzi kwa kidole na kuupuliza. Akashuka chini ya orodha, namba sita, akakata kumi na nne hapo.

Mumewe aliona. "Si ulisema kila chumba kibebe mzigo wake?"

"Mapazia ya Mama tutanunua ya bei nafuu. Hamsini na sita zinatosha sana."

"Sawa," akasema mume, kwa ile sawa ya wanaume ambayo maana yake siyo sawa.

Halafu taa. Taa za kumetameta za kuning'iniza dirishani, elfu thelathini, alizinunua zikiwa ndani ya boksi, akabeba. Hakumwambia muuzaji azichomeke kwanza, na hili kila mtu anajua, ukinunua taa unazijaribu mbele ya macho yake. Nyumbani nusu yake hazikuwaka. Alipozirudisha, muuzaji akaonyesha kibao ukutani kwamba mali ikishatoka haipokelewi. Kitinda akala hasara hiyo kimyakimya, taa zikaenda juu ya kabati.

Zilipobaki siku chache, Dada Mkubwa akapiga simu. Alikuwa mtamu kama asali, na Kitinda alipaswa kuogopa hapohapo. "Mdogo wangu, nitakuja na mashemeji zangu wawili. Usijali, ni watu wa kawaida tu, wanapenda picha. Mlangoni umeweka nini?"

"Maua. Na kitambaa cha kukanyagia."

"Maua mangapi?"

"Dada, mimi nitajuaje idadi ya maua?"

"Haya. Mwaka jana kwangu tuliweka lile tao, unakumbuka? Lakini kwako siyo lazima. Kila mtu na uwezo wake."

Kila mtu na uwezo wake! Usiku ule Kitinda aligeuka kitandani kama chapati. Asubuhi alikwenda kwa mpambaji akaulizia tao la maua la kukodi, la kuzunguka mlango mzima. Elfu hamsini na sita, akasema mpambaji baada ya kubembelezwa mpaka akachoka. Hamsini na sita. Mnaona shetani anavyojua hesabu? Fungu la chumba cha Mama likaisha lote, na laki nne zikatimia bila kuzidi hata senti. Kitinda alimwambia mumewe kwa kidevu juu, "Kikomo hakijavukwa."

"Na Mama?"

"Mama nitamwekea yale mapazia ya kijivu tuliyotoka nayo kule tulikopanga. Nimeyafua, yananukia. Mwenyewe hana makuu."

Hata balbu kubwa iliyokuwa chumbani mle aliitoa, akaipeleka barazani ili tao lionekane jioni. Kwa Mama akaweka ndogo ya stoo. Kumpigia Mama simu kumwambia kwamba mambo yamebadilika, aliona haya. Alijiambia atamweleza akishafika, kwa mzaha, watacheka pamoja, na mwakani atamnunulia mekundu mawili badala ya moja.

Siku yenyewe nyumba ilipendeza, tusimnyime haki yake. Majirani walisimama nje kutazama tao. Mashemeji walipiga picha kabla hata ya kusalimia. Dada Mkubwa aliingia, akatazama mapazia ya sebule kuanzia juu mpaka kwenye pindo, akatafuta kasoro, akakosa. Akasema, "Umejitahidi." Kwa Dada Mkubwa hiyo ni sawa na kupigiwa mizinga, na Kitinda roho ikawa kwatu.

Mama aliingia mwisho, ameshika mkono wa Dada Mkubwa. Alitembea polepole, kichwa amekiinua kidogo. Penye ukingo wa zulia jipya mguu ukajikwaa, Dada Mkubwa akamdaka.

"Shikamoo, Mama. Karibu kwako," Kitinda akasema, na machozi yalikuwa karibu.

"Marahaba, mwanangu. Lo, Kitinda! Nyumba inang'aa." Mama akageuza uso taratibu kuzunguka sebule. "Mapazia haya ndiyo yale ya rangi ya maziwa. Mito ya bluu, safi kabisa. Na hizi taa zako za dirishani zinavyometameta, jamani!"

Dirishani hapakuwa na taa. Shemeji mmoja alitazama dirisha, akatazama mwenzake.

"Taa gani, Mama?" akauliza Dada Mkubwa.

"Anasema jua linavyopiga kwenye kioo," mume wa Kitinda akadakia haraka. "Karibu ukae, Mama, safari ndefu."

Kitinda aliona uso umemwaka moto. Alifikiri nini? Alifikiri anataniwa. Alifikiri Mama ameshaambiwa na mtu kwamba taa zimeungua, na sasa anamchoma mbele ya mashemeji. Akamshika Mama mkono, akampeleka chumbani akapumzike kabla ya chakula.

Kule chumbani Mama alisimama mbele ya dirisha. Mapazia ya kijivu yalining'inia pale, masafi, yamechakaa kwenye ncha. Mama aliyatazama kwa muda mrefu sana. Kisha akasema, na sauti ilikuwa nyembamba, "Nyekundu nzuri. Ahsante, mwanangu. Umenifurahisha."

Hapo Kitinda akakasirika. Ndiyo, akakasirika, kwa sababu mtu mwenye hatia anakuwa mwepesi wa hasira. Angesema tu, "Mbona hukuniwekea nyekundu," wangeyamaliza. Lakini kumsimanga hivi? Akajibu kwa mkato, "Karibu, Mama," akaufunga mlango, akaenda jikoni kugonganisha masufuria.

Alichemka, akapoa. Alipopoa akaanza kuwaza. Mama si mtu wa masimango. Tangu wakiwa wadogo, Mama akiwa na neno analisema usoni, na ukilia anakupa kitambaa. Akamimina maji kwenye glasi, akarudi, akafungua mlango bila kubisha.

Mama alikuwa amekaa kitandani, ameelekea dirisha. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika pazia, akilivuta karibu na uso, akilisogeza kulia, kushoto. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuwa akiyafuta.

"Mama!"

Mama akaliachia pazia kama mwizi aliyeshikwa. "Vumbi tu."

"Vumbi gani? Unalia nini?"

Mama akalipapasa pazia tena. Kisha akasema, "Imekwenda, Kitinda. Hata nyekundu imekwenda."

Kitinda akakaa chini, sakafuni palepale, glasi mkononi. Na Mama akamweleza. Ni mwaka wa pili sasa. Ni presha ya macho. Ilianza pembeni, akawa anagonga bega kwenye milango, akadhani ni uzee. Alipokwenda kwa daktari wa macho akaambiwa kilichokwenda hakirudi, kuna matone ya kulinda kilichobaki. Anatia matone kila siku. Kilichobaki ni tundu dogo katikati, kama kuchungulia kwenye bomba, na humo ndani sura za watu zimekuwa ukungu. Rangi moja tu ilikuwa bado inamjia wazi.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Niwaambie mnigawane kama kiti? Huyu avute huku, yule avute kule, kila mtu ananihurumia? Nilitaka nichague mwenyewe nikiwa mtu. Uliponisomea ile orodha nikaikariri yote, nije nisifu kila kitu kwa mahali pake, asijue mtu. Nikakuomba nyekundu ili ndani ya nyumba yako pawe na kitu kimoja nitakachokiona kweli." Akashika goti lake kwa nguvu. "Nimesimama hapo dirishani, nimetafuta, nimetafuta. Kiza kitupu. Nikajua basi, na hiyo imeondoka."

Jamani. Kitinda alitaka ardhi ipasuke. Mbele yake kulikuwa na njia mbili, na zote zinauma. Anyamaze, abaki mwenyeji hodari aliyepamba kwa laki nne bila kuvuka, na mama yake aamini amekuwa kipofu kabisa. Au aseme.

"Mama, haipo," akasema.

"Najua haipo, mwanangu, ndiyo nakuambia..."

"Siyo machoni. Dirishani! Sikuyaweka. Hayo ni mapazia ya kijivu, ya zamani. Na taa za sebuleni hazipo pia, ziliungua. Pesa ya mapazia yako nililipia tao la mlangoni. Nilikuibia, Mama. Balbu yako nayo iko nje."

Mama alimgeukia, mdomo wazi. Kitinda hakungoja. Alitoka mbio mpaka bafuni, akatazama huku na huku, akanyakua kitu cha kwanza alichokiona, akarudi, akasimama karibu na dirisha penye mwanga. Hakusema neno.

Mama alisogeza kichwa pole pole, akitafuta. Kichwa kikasimama.

"Nyekundu," akanong'ona. Kisha kwa sauti, "Nyekundu hiyo! Isogeze. Hee, naiona! Ni nini hicho?" Akanyoosha mkono, akapapasa. "Ndoo? Kitinda, umeniletea ndoo ya kuogea?"

Wakacheka wote wawili, wanalia wanacheka, Mama ameikumbatia ndoo. Dada Mkubwa akatokea mlangoni kuuliza kulikoni, akaona, akaelezwa yote. Alikaa kitandani upande wa pili akamshika Mama bega.

Mama alipotulia alirudisha ndoo chini taratibu. "Hebu niambie, Kitinda. Najua wewe na orodha zako. Lazima kulikuwa na namba. Mimi nilikuwa wa ngapi?"

Kitinda alimtazama dada yake, akatazama sakafu. "Wa sita, Mama."

"Kati ya wangapi?"

"Sita."

Mama akaitika kwa kichwa. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. "Ulihesabu macho," akasema. "Macho mengi mbele, macho mawili nyuma. Na hayo mawili yenyewe mabovu."

"Mama, nisamehe. Kesho nakwenda dukani. Nitayatoa haya yote, nitaweka nyekundu kila mahali, zulia nitaondoa usijikwae tena, waya nitazifunga ukutani. Chumba hiki nilikijenga kwa ajili yako. Kaa hapa, tafadhali."

Sebuleni shemeji mmoja alikuwa akiomba wasimame tena penye tao, jua ni zuri. Mama alisikiliza vicheko vyao kwa muda.

"Nitakaa kwa dada yako," akasema.

Dada Mkubwa akafumba macho.

"Siyo adhabu, usije ukajidanganya. Kwake nimekwenda miaka yote, nikiwa bado naona. Najua kona ziko wapi, najua kabati, najua ngazi mbili za jikoni. Ile nyumba ninayo kichwani. Ya kwako ni nzuri, kila mtu anasema, na mimi sitaijua kamwe." Akapapasa mpaka akaupata mkono wa Kitinda. "Ningekuja mapema. Ningejifunza. Lakini nilificha, na wewe ukaficha. Tumekutana hapo."

Kitinda aliuma meno mpaka taya likauma. Miezi yote ile ya kupima, kukata, kubembeleza, na chumba chenye dirisha la asubuhi kitabaki kitupu. Alitaka kupiga kelele. Alitaka kumrudisha mama yake nyuma mwaka mmoja na kumwonyesha kila ukuta wakati macho bado yapo.

"Na usininunie," akasema Mama.

"Sijanuna. Wewe hata hunioni."

"Uso wako? Nilikuwa nauona kabla hujauona wewe," Mama akasema, akapitisha vidole juu ya mdomo wa bintiye na kuukuta umevutwa chini vilevile kama alivyojua. "Haya, inuka. Nishike mkono, unizungushe nyumba nzima, uniambie kilichopo kweli. Anzia na hiki chumba."

Kitinda akafuta uso kwa kiganja, akamwinua. "Hapa kuna kitanda," akasema. "Na pazia la kijivu."